Faranga 15,000 za ziada: kupima barua ya mwenye nyumba Kasongo

Barua ya kupandisha kodi ya nyumba, Kasongo au Kabambare, huwa haizidi nusu ukurasa. Inaanza kwa salamu, inataja dola, inataja bei ya manjanja, inalalamikia barabara, kisha inamalizia na kiasi kipya na tarehe. Mpangaji anarukia kiasi, anashika kichwa, na mjadala unahamia kwenye huruma: mwenye nyumba ana watoto wa kusomesha, na mpangaji naye anao. Lakini karibu kila sababu inayoandikwa humo inaweza kugeuzwa kuwa faranga, na ikigeuzwa, mambo mawili hujitokeza. Sababu nyingine ni za kweli kuliko mpangaji anavyotaka kukubali. Na jumla yake mara nyingi haifiki pale barua ilipofika.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Parsele moja Kasongo ina vyumba vinne vya kupangisha, vya matofali ya kuchoma, chini ya paa moja la manjanja. Kila chumba kinalipiwa faranga 30,000 kwa mwezi, bei iliyowekwa mwanzoni mwa 2022. Mwishoni mwa 2025 mwenye parsele anaandika kwamba kodi itakuwa 45,000, kwa sababu dola imepanda, manjanja yamekuwa ghali na paa limebadilishwa. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 50. Je, sababu zake zinazaa 15,000?

Tuanze na dola, maana ndiyo yenye uzito. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Kodi ya 30,000 ilikuwa na thamani ya dola 15. Kufikia mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa imefika karibu 2,850, na faranga 30,000 zile zile zilinunua dola kumi na nusu tu. Mwenye nyumba alikuwa amepoteza karibu theluthi ya kodi yake bila mpangaji yeyote kukosa kulipa. Kama angeandika barua wakati ule na kudai arudishiwe dola zake 15, hesabu ingempa 42,750. Angekuwa karibu kabisa na zile 45,000, na ningemtetea.

Ila hakuandika wakati ule. Mwezi wa Oktoba 2025 faranga ilipata nguvu ghafla na dola ikashuka chini ya 2,500. Tukikokotoa kwa 2,400, dola 15 ni faranga 36,000. Kutoka 30,000 hiyo ni nyongeza ya asilimia 20, wala si 50. Sababu ni ile ile, mwenye nyumba ni yule yule, lakini miezi michache imekata zaidi ya nusu ya hoja yake. Ndiyo maana barua inayosema tu kwamba «dola imepanda» haijasema kitu. Inapaswa kutaja ilikuwa ngapi kodi ilipowekwa, na ni ngapi siku barua inapoandikwa. Wenye nyumba wengi hukumbuka kiwango cha juu kabisa walichowahi kukiona na kukitumia hicho.

Hapa kuna jambo ambalo wenye nyumba hawapendi kulisikia. Gharama za nyumba Kasongo hazifuati dola zote. Manjanja, misumari na simenti vinafuata, kwa kuwa vinatoka mbali: simenti ya Kabimba, karibu na Kalemie, au mizigo inayopita Bukavu, au ile inayotokea Uvira na kupitia Fizi, Lulimba na Salamabila kabla ya kufika Kabambare na Kasongo. Kila lori linalolala matopeni wakati wa mvua linaongeza bei. Matofali lakini yanachomwa hapo hapo, mchanga unachotwa karibu, na fundi analipwa kwa faranga. Na mpangaji mwenyewe, akiwa mwalimu au muuza unga, anapata faranga. Kurudisha kodi yote kwenye dola zake za zamani tayari ni kumpa mwenye nyumba zaidi kidogo ya gharama yake halisi. Mimi naona ni sawa, kwa sharti kwamba sababu hiyo isihesabiwe mara ya pili kwa jina lingine.

Na jina hilo lingine ndilo linalofuata kwenye barua: manjanja. Bei yake imepanda kwa nini? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya dola. Mwenye nyumba aliyekwisha kurudishiwa dola 15 amekwisha kulipwa kwa kupanda huko. Akiongeza tena kwa manjanja, mpangaji analipa jambo moja mara mbili.

Tuseme lakini paa limebadilishwa kweli, na mwenye nyumba anataka fedha yake. Tukadirie manjanja 30 kwa dola 12 moja, ambayo ni dola 360, kisha dola 140 za mbao, misumari na fundi. Jumla ni dola 500, yaani faranga 1,200,000 kwa 2,400. Ukiitazama peke yake ni fedha ya kutisha, na ndiyo inayowasukuma watu kuandika barua. Sasa igawe. Paa la manjanja likipigiliwa vizuri linafika miaka 15 bila shida, yaani miezi 180. Vyumba ni vinne, kwa hiyo linalipwa mara 720. Kila chumba kwa kila mwezi kinabeba faranga 1,667 tu.

Mwenye nyumba atasema hawezi kusubiri miaka 15, amekopa. Basi tumpe miaka mitatu: 1,200,000 kwa miezi 36 na vyumba vinne ni 8,333 kwa chumba. Hiyo ni nzito, lakini ina mwisho. Mwezi wa 37 paa limekwisha kulipwa na zile 8,333 zinatakiwa kuondoka, nami sijawahi kuona barua inayosema kodi itashuka. Katika mfano wetu, nyongeza ya 15,000 kwa vyumba vinne inamletea mwenye parsele 60,000 kila mwezi. Paa zima linakuwa limelipwa kwa miezi 20. Baada ya hapo zile 60,000 ni faida, na faida si haramu, ila isiitwe paa.

Tena, kubadilisha manjanja yaliyooza ni kazi ya mwenye nyumba tangu mwanzo. Ametoza kodi miaka yote ili siku hiyo ikifika awe nayo. Ingekuwa nyumba ilikuwa ya nyasi na sasa ni ya manjanja, hapo mpangaji amepata kitu kipya na nyongeza ina haki yake.

Ushuru unatajwa mara chache zaidi, lakini ukitajwa unazua kelele. Kiwango kilichozoeleka cha ushuru wa mapato ya kupangisha Kongo, chini ya sheria ya 1969, ni asilimia 22, na mpangaji anaweza kutakiwa kukata asilimia 20 na kuipeleka kwenye hazina ya mkoa kabla ya kumpa mwenye nyumba kilichobaki. Kwa kodi ya 36,000 makato hayo ni 7,200. Ni ushuru wa mapato yake yeye. Akiongeza 7,200 juu ya kodi «kwa ajili ya ushuru», basi amemtwika mpangaji ushuru wake.

Kuna sababu moja ambayo haiandikwi kamwe, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: jirani anatoza zaidi. Salamabila, kwenye teritware ya Kabambare, wanaijua vizuri. Mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na kampuni ya Banro ikasimamisha kazi Septemba 2019 kwa sababu ya usalama. Mahali kama hapo chumba kinapata bei zaidi kutokana na mshahara wa mgodi kuliko kutokana na paa. Kwa maduka, sheria ya OHADA, inayotumika Kongo tangu Septemba 2012, inaitambua hoja hii waziwazi. Mwenye duka na mpangaji wasipokubaliana, hakimu anaangalia mahali duka lilipo, ukubwa wake, uchakavu wake na bei za jirani, na kama mkataba hausemi lini, kodi inapitiwa kila baada ya miaka mitatu. Anayetaka kupandisha kwa sababu ya soko aandike hivyo. Ila ajue kwamba soko likianguka, mpangaji naye ataleta barua yake.

Tuje kwenye tarehe, ambapo fedha hujificha. Kwanza, barua peke yake haibadilishi kodi. Dikri ya mikataba ya 30 Julai 1888, ambayo bado ni sheria, inasema kwenye kifungu cha 33 kwamba makubaliano ni sheria kwa waliokubaliana, na hayavunjwi ila kwa ridhaa ya wote au kwa sababu zinazoruhusiwa na sheria. Barua ni ombi. Mpangaji asipokubali, mwenye nyumba ana njia ya kumpa notisi ya kuhama, na miezi mitatu ndiyo nafasi ya heshima kwa yote mawili. Pili, «kuanzia Machi» haitoshi. Anayelipa mwanzo wa mwezi atatoa kodi mpya tarehe 1, anayelipa mwisho wa mwezi atatoa tarehe 31. Tatu, garanti. Sheria ya 31 Desemba 2015 inaizuia isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Garanti ya zamani ilikuwa 90,000. Kodi ikiwa 36,000, huenda mwenye nyumba akadai ijazwe hadi 108,000. Akidai hivyo, mwezi huo wa kwanza mpangaji anatoa 54,000, na barua ilikuwa kimya.

Barua iliyonyooka ingekuwa hivi:

«Kasongo, tarehe 20 Novemba 2025. Baba na mama wapangaji, salamu. Kodi ya kila chumba, iliyowekwa mwaka 2022 kwa faranga 30,000 dola ikiwa 2,000, naomba iwe 36,000, kwa kuwa leo dola ni 2,400. Paa nimelibadilisha kwa gharama yangu na sitozi kwa ajili yake. Kodi mpya itaanza na mwezi wa Machi 2026, italipwa mwisho wa mwezi huo. Garanti zenu zinabaki kama zilivyo. Bei hii haitaguswa kabla ya Machi 2027. Mwenye neno aje tuzungumze kabla ya tarehe 15 Desemba. Kila mmoja atie saini kuonyesha ameipokea. Nakala kwa mkuu wa kartie.»

Tukirudi kwenye parsele yetu, dola inatetea 36,000. Ukimhurumia mwenye nyumba na kumwongezea paa la miaka 15, unafika 37,667. Zile 7,333 zinazobaki hadi 45,000 hazina sababu kwenye barua, na mpangaji ana haki ya kuuliza ni za nini kabla hajatia saini.