Tarehe Si Hoja: Juu ya Kuhakiki Kiunzi cha Insha

Mwalimu apokeapo kiunzi cha insha ambayo bado haijaandikwa, kazi yake si kusahihisha lugha, bali kuuliza kila hoja imewekwa pale kwa sababu gani. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Garissa anayedai kwamba vita vya Shifta peke yake havitoshi kueleza hali ya hatari iliyowekwa Kaskazini Mashariki. Amepanga hoja nne: tume ya 1962, iliyoona kwamba Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia, kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1963, mapatano ya Arusha ya 1967, na kuondolewa kwa hali hiyo mwaka 1991.

Akiulizwa kwa nini hoja ya tatu yaifuata ya pili, atajibu kwamba ilitokea baadaye. Jibu hilo ladhihirisha kasoro: amepanga tarihi, hajajenga hoja. Dai lake limesimama juu ya ile miaka 24 baada ya mapatano, nayo ameiacha mwishoni. Yafaa aanze na miaka hiyo, ndipo arejee 1962 kutafuta sababu, kisha amjibu asemaye kwamba ujambazi uliendelea. Pingamizi hilo halikuwamo katika kiunzi. Mfuatano wa miaka haukulipa nafasi.

Hata hivyo, mwalimu asimpangie upya. Aandike pembeni swali moja tu: “Kwa nini hapa?” Uzito wa ushahidi hauonekani katika kiunzi, huo husubiri rasimu.