Bangili ya Shangazi na Kapu la Akiba

Shangazi yangu alipeleka bangili yake kwa sonara, gramu 10, karati 22. Sonara akaipima, akaisugua kwenye jiwe, akaidondoshea tindikali, kisha akataja bei. Shangazi akang'aka: "Mbona hivyo, na dhahabu imepanda?" Sonara hakumdhulumu. Gramu 10 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 9.17 tu, na ujira wa ufundi alioulipa siku ya kununua haurudi. Bangili ni pambo. Anayetaka akiba hununua kipande cha karati 24 chenye muhuri, au mfuko wa dhahabu unaouzwa sokoni, kama NewGold ulioorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2017.

Hata hivyo, dhahabu hailipi riba wala gawio, na haina mpangaji. Aliyenunua wakia moja Januari 1980, bei ilipofika dola 850, aliiona ikiporomoka hadi karibu dola 250 mwaka 1999. Dola zake 850 zilirudi Januari 2008, miaka 28 baadaye, na kwa muda wote huo mkate na nauli vilikuwa vinapanda. Kwa hiyo wanaoiita kinga ya mfumuko wa bei wanaisifu kupita kiasi.

Kazi yake hasa ni kutofuata mkumbo wa hisa. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa za Marekani, gawio likiwemo, zilipoteza asilimia 37. Dhahabu ilimaliza mwaka ikiwa juu kwa takriban asilimia 4. Aliyeanza na 100 zote kwenye hisa alibaki na 63. Aliyeweka 90 kwenye hisa na 10 kwenye dhahabu alibaki na 67 na ushei. Naye aliumia, ila kidogo zaidi. Na hata mwaka huo dhahabu ilianguka vibaya kufikia Oktoba, kwa kuwa waliobanwa na madeni waliuza chochote kilichouzika.

Basi iwe kiasi gani? Kwangu mimi, kati ya asilimia 5 na 10 ya kapu lote. Kuanzia 2011 hadi mwisho wa 2015 bei ilitoka karibu dola 1,900 hadi kama 1,050, pungufu la asilimia 45 hivi. Mwenye asilimia 10 alipungukiwa 4.5 katika kila 100 yake, jambo linalovumilika. Aliyejaza nusu ya kapu alipoteza zaidi ya 22.

Tuseme una milioni 10, na milioni 1 kati yake ni dhahabu. Ikipanda maradufu na mengine yakakaa pale pale, dhahabu inakuwa milioni 2 katika 11, yaani asilimia 18. Siku hiyo watu wote watakuwa wanaikimbilia, nawe utatamani kuongeza. Uza ya laki tisa, ubaki na milioni 1.1.

Na kama unadaiwa mkopo wa riba kubwa, lipa kwanza deni; dhahabu isubiri.