Saa ya Kubandika Mkononi

Aprili 2012, kwenye tovuti ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi palikuwa na picha ya Patriaki Kirill ameketi kwenye meza iliyong'arishwa. Mkononi hakuwa na saa. Lakini juu ya meza, chini ya mkono uleule, taswira ya saa ilionekana bila shida. Aliyeisafisha picha alikuwa ameifuta saa kwenye kifundo cha mkono, akasahau kwamba meza ile ni kama kioo. Watu waligundua, kanisa likaomba radhi na picha ya awali ikarudishwa.

Sisi wa studio huwa tunaombwa kinyume chake: saa haikuwepo, iwepo. Kosa hata hivyo ni lilelile. Saa haikai mkononi peke yake. Inagusa ngozi, inazuia mwanga, inainua nguo. Picha ya kwanza niliyoibandika saa, mama wa bwana harusi aliitazama kidogo tu akaniambia, "Mwanangu, hii saa umeigundisha kama stempu." Na kweli, nilikuwa nimeigundisha kama stempu.

Tuichukue picha ya namna ile. Bwana harusi amesimama nje saa kumi jioni, suti na shati jeupe, mkono wa kushoto ameukunja mbele ya tumbo. Jua linatoka upande wa kiwiko. Saa yake aliisahau nyumbani, akaileta kesho yake.

Kwanza ni kipimo. Kifundo cha mkono cha mtu mzima hakiko mviringo kama chupa. Kimebanwa, kipana kuliko unene wake. Tukisema upana ni milimita 60, na kwenye picha yetu upana huo umechukua pikseli 180, basi kila milimita ni pikseli 3. Saa yenye uso wa milimita 40 itachukua pikseli 120, na mkanda wake wa milimita 20 utachukua 60. Hesabu hii ya darasa la nne ndiyo inayorukwa na wengi, ndiyo maana utaona harusini watu wamevaa saa za ukutani.

Halafu mpindo. Mkanda wa saa ni pete iliyozunguka mkono, na pete inayotazamwa kwa pembeni huonekana kama duaradufu, ambayo sisi tunaona upinde wake wa mbele tu. Upinde huo utazame wapi? Simamisha ndoo ya plastiki yenye mistari, iangalie kutoka juu. Mdomo wa ndoo ndio ulio karibu na jicho lako, na mistari imepinda kwenda chini, mbali na mdomo. Mkono ni hivyohivyo. Kiganja kikiwa karibu na kamera kuliko kiwiko, mkanda unapinda kuelekea kiwiko. Kiwiko kikiwa karibu, unapinda kuelekea vidole. Ukiugeuza kinyume, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila mkono utamwonekea umevunjika.

Habari njema ni kwamba jibu limo tayari ndani ya picha. Mwisho wa mkono wa shati, pale penye kifungo, nao ni pete iliyozunguka kifundo hichohicho. Mimi huchora mstari juu ya ukingo wake, nikaunakili pembeni, kisha nikaupindisha mkanda ufuate mstari huo kwa kutumia Warp Transform ya GIMP. Uso wa saa usiupindishe: chuma na kioo havipindi. Huo unauinamisha mzima mzima. Kama picha ya saa ilipigwa kwa kuitazama kutoka juu kabisa, itabidi uibane. Uso wa duara uliolala nyuzi 41 hivi hubaki na robo tatu ya kimo chake. Ila kuinamisha sana hakufai, kwa sababu ubavu wa saa, ambao hukuupiga picha, hautazuka wenyewe. Ndiyo maana siku hizi naiomba saa yenyewe. Naifunga kwenye taulo nililoliviringisha na kulibana kidogo liwe na umbo la kifundo, naipiga picha saa ileile ya siku, jua likiwa upande uleule.

Sasa kivuli, ambapo ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nimetumia kivuli cha tayari cha programu, cheusi na chenye ukungu pande zote, kama moshi. Jua halifanyi hivyo. Kwa macho yetu upana wa jua ni kama nusu ya nyuzi, kwa hiyo ukungu wa ukingo wa kivuli hauzidi sana sehemu moja ya mia ya umbali kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Mkanda una unene wa milimita 3. Ukungu wake ni sehemu ndogo mno ya milimita, kwetu hata pikseli moja haufiki. Kivuli chake ni kikali, upande mmoja tu. Angekuwa amesimama ndani karibu na dirisha kubwa, ndipo ukungu ungefaa.

Urefu wa kivuli tunauuliza shati. Ukingo wa shati umesimama milimita 5 juu ya ngozi, na kivuli chake kimefika pikseli 24, yaani milimita 8. Basi kila milimita ya kimo inatoa 1.6 ya kivuli. Saa yenye kimo cha milimita 10 itatupa kivuli cha milimita 16, pikseli 48, kuelekea vidole. Mkanda utatupa pikseli 14 tu.

Rangi nayo tunaiuliza shati. Ngozi iliyopigwa na jua nilipoipima ilisoma 150, 100, 75 kwa nyekundu, kijani na buluu. Ndani ya kivuli cha shati ilisoma 70, 48, 40. Ukigawanya, nyekundu imebaki asilimia 47, buluu 53. Kivuli cha nje kina ubuluu kidogo kwa sababu jua likizuiwa, anga bado inamulika. Kwa hiyo leya ya kivuli, iliyowekwa Multiply, haipakwi nyeusi. Inapakwa kijivu cha 119, 122, 136. Chini kabisa, pale mkanda unapogusana na ngozi, naongeza uzi mwembamba mweusi zaidi, kwa kuwa hata mwanga wa anga hauingii humo. Uzi huo mdogo ndio unaoifanya saa iache kuelea.

Mwisho ni shati. Nakili leya ya picha ya awali, iweke juu ya saa, kisha kwa maski bakiza shati peke yake. Saa sasa imo kati. Niliacha shati lifunike pikseli 30 za saa, robo ya uso wake, na mkanda ukaanzia palepale ukingo ulipoishia, ukakifunika kile kivuli cha zamani cha pikseli 24. Lakini shati lililolala bapa juu ya saa yenye kimo cha milimita 10 ni uongo, lazima liinuke. Nililivuta juu kwa Warp Transform mpaka likapata kinundu, nikapitisha kivuli chembamba cha ukingo wake juu ya kioo cha saa. Maski usiikate kwa wembe: linganisha ulaini wake na kingo nyingine za shati kwenye picha hiyohiyo.

Na kama utachukua picha ya saa kutoka kwenye tangazo, angalia mishale. Karibu saa zote za matangazo zimesimamishwa saa nne na dakika kumi, na bwana harusi wako ana kivuli cha saa kumi jioni.