Jinsi Umeme wa Neva Unavyokaza Msuli

Amri ya kukunja mkono hufika msulini kupitia neva ya mwendo inayotoka kwenye uti wa mgongo. Ncha ya neva hiyo haigusani na uzi wa msuli, na umeme hauruki nafasi iliyopo kati yao. Ncha humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka na kushika vipokezi vya msuli. Vipokezi hufunguka, sodiamu huingia, na mpigo mpya wa umeme husambaa juu ya uzi.

Mpigo huo hupenya ndani kwa vijineli vyembamba vya utando, vinavyopita kando ya vifuko vilivyojaa kalsiamu. Kwenye ukuta wa kijineli kuna protini inayohisi umeme, na mkabala wake, kwenye kifuko, lipo lango linaloitwa kipokezi cha rayanodini. Protini ikibadili umbo hulifungua lango, kama kamba inavyovuta komeo. Msuli wa moyo hautumii njia hii: huko lazima kalsiamu kidogo iingie kwanza kutoka nje ya seli. Ndiyo maana msuli wa mifupa ukitumbukizwa katika maji yasiyo na kalsiamu huendelea kukaza kwa muda, ilhali wa moyo hunyamaza upesi.

Kalsiamu ikimwagika, kiwango chake ndani ya uzi hupanda zaidi ya mara 10. Hujishikiza kwenye troponini, nayo husogeza tropomiosini iliyokuwa imefunika nyuzi za aktini. Vichwa vya miosini, ambavyo tayari vimebeba nguvu iliyotokana na kuvunjwa kwa ATP, hushika aktini na kuivuta. Kisha hukwama. ATP mpya ndiyo huviachisha, na ikivunjwa huviinua tena kwa mvuto mwingine. Maiti hukakamaa kwa sababu hiyo: ATP imekwisha, na vichwa haviwezi kuachia. Katika msuli ulio hai, umeme ukikoma lango hufungwa, pampu hurudisha kalsiamu vifukoni zikitumia ATP, na msuli hulegea.

Uzito wa lango hilo huonekana kwa watu wachache waliorithi hitilafu ndani yake. Katika maisha ya kila siku wengi wao hawana dalili yoyote. Lakini wakipewa dawa fulani za usingizi wa upasuaji, kama halotheni, au suksametoniamu inayolegeza misuli, lango hubaki wazi. Kalsiamu humwagika bila kukoma, vichwa vya miosini huvuta na pampu hufanya kazi bila kupumzika, na ATP huteketea kwa kasi. Mara nyingi daktari wa usingizi huona kwanza hewa ya kaboni dayoksaidi ikiongezeka katika pumzi ya mgonjwa, au taya likikakamaa. Joto kali la mwili huweza kuchelewa. Dawa iliyosababisha husimamishwa mara moja, na mgonjwa hudungwa dantrolini, inayopunguza kalsiamu inayopita kwenye lango hilo.