Dhamira haziibuki zenyewe

Sentensi hii imejaa kwenye tasnifu: "Mahojiano yalinukuliwa, yakawekewa misimbo, na dhamira tatu zikaibuka." Nani aliweka misimbo, na kwa kigezo gani? Virginia Braun na Victoria Clarke walilikosoa neno "kuibuka" mwaka 2006, kwani linamficha mtafiti aliyechagua.

Tuseme utafiti unahusu wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki. Mmoja anasema: "Nauli ninayo, ila mume hajarudi." Mtafiti ameiwekea msimbo "nauli". Akiirudia baada ya kusoma mahojiano mengine, anaona kuwa kinachomzuia mama huyu ni ruhusa, si pesa. Anabadili msimbo uwe "kumsubiri mume", kisha anarudi kwenye mahojiano ya mwanzo kuona ni wapi pengine alikosea hivyo.

Badiliko hilo ndilo msomaji anapaswa kuoneshwa. Maelezo mapya yangesomeka hivi: "Msimbo 'nauli' niliugawa baada ya kuona wengine walikuwa na pesa lakini walisubiri idhini. 'Kumsubiri mume' na 'kumuuliza mama mkwe' niliziunganisha kuwa dhamira moja: uamuzi wa kwenda kliniki si wa mjamzito peke yake. Mama mmoja alikwenda bila kumwambia mtu. Kwa ajili yake niliongeza kwamba wapo wanaoukwepa utaratibu huo."

Jedwali dogo la nukuu, msimbo wa kwanza, msimbo wa mwisho na dhamira linatosha kuambatishwa. Kuandika tu kwamba programu ya NVivo ilitumika hakusaidii. Programu hupanga, haiamui.