Jinsi ya kusoma mchoro wa mawimbi ya vyanzo viwili

Tangi la viwimbi ni sinia pana yenye sakafu ya kioo, iliyotiwa maji ya kina kisichozidi sentimita moja. Taa huning'inizwa juu yake, na karatasi nyeupe hutandazwa chini. Vijiti viwili vyenye ncha za mviringo hufungwa kwenye ubao mmoja unaotikiswa na mota, kwa hiyo hugusa maji kwa pamoja na kwa mapigo yaleyale. Kila kijiti hutoa viwimbi vya duara vinavyozidi kutanuka, na viwimbi vya upande mmoja hukatana na vya upande wa pili.

Mchoro wa kitabuni unaonyesha maji hayo katika nukta moja ya wakati. Kwa kawaida miduara ya mstari mzima huwakilisha vilele, na ya mstari wa vipande huwakilisha mabonde. Umbali wa kilele hadi kilele kinachofuata ndio urefu wa wimbi. Mstari mzima unapokata mstari mzima, vilele viwili vimekutana na maji yamepanda maradufu. Vipande vinapokata vipande, mabonde mawili yamekutana na maji yameshuka maradufu. Mstari mzima unapokata wa vipande, kilele kimejazia bonde, na maji hapo yamebaki tambarare. Makutano ya aina hii ya mwisho yakiunganishwa kwa penseli, hupatikana mistari ya nodi, iliyopinda na kuzidi kuachana kadiri inavyokwenda mbali na vyanzo.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye mabonde mawili yanapokutana, wakidhani maji yaliyoshuka ni maji yaliyotulia. Dawa ya kosa hili ni kuuacha mchoro utembee. Baada ya nusu ya pigo, kila kilele kimesogea nusu ya urefu wa wimbi, na palipokuwa na vilele viwili sasa pana mabonde mawili: maji hapo yanapanda na kushuka kwa nguvu zote. Palipokuwa na kilele na bonde, vimebadilishana nafasi tu, na bado vinafutana. Ndiyo maana mstari wa nodi hauhami, ingawa viwimbi vyenyewe havisimami.

Kwenye karatasi, kilele hukusanya mwanga wa taa kama lenzi nene katikati, na bonde huutawanya. Basi mstari wenye nguvu huonekana kama mabaka angavu na meusi yanayofuatana kwenda nje, na mstari wa nodi hubaki na rangi moja ya kijivu. Mistari inayoitwa angavu haing'ai mfululizo, jambo ambalo mchoro uliotulia hauwezi kulionyesha.

Kinachoamua hali ya sehemu yoyote ni tofauti ya umbali wake kutoka vyanzo viwili. Tuseme vyanzo A na B vimeachana sentimita 6, mota inapiga mara 10 kwa sekunde, na viwimbi vinakwenda sentimita 20 kwa sekunde. Urefu wa wimbi ni sentimita 2. Kuanzia A, uchorwe mstari ulionyooka kwenda mbele, unaofanya pembe mraba na mstari AB. Sentimita 8 kutoka A, umbali hadi B ni sentimita 10. Tofauti ni 2, yaani wimbi moja kamili, kwa hiyo maji yanachafuka. Sentimita 4.5 kutoka A, umbali hadi B ni 7.5. Tofauti ni 3, wimbi moja na nusu, na maji yametulia. Kwenye sentimita 17.5, umbali hadi B ni 18.5, tofauti ni nusu wimbi, na maji yametulia tena. Zaidi ya hapo hakuna nodi nyingine kwenye mstari huo, kwa sababu tofauti huzidi kupungua bila kufika sifuri.

Tofauti hiyo haiwezi kuzidi umbali wa A na B wenyewe. Nodi hutokea kwenye tofauti ya 1, 3 na 5, kila upande, hivyo mistari ya nodi ni sita. Mota ikiongezwa hadi mapigo 20 na kasi ya viwimbi ikabaki karibu ileile, wimbi hufupika kuwa sentimita 1 na mistari hiyo huwa kumi na miwili.

Tangini, nodi iliyo karibu na chanzo kimoja haitulii kabisa, kwani wimbi la chanzo cha mbali hufika likiwa dhaifu na haliwezi kulifuta lile la karibu. Kivuli kwenye karatasi nacho ni kikubwa kuliko maji yenyewe, kwa hiyo vipimo vya karatasini hugawanywa kwanza kwa kiwango cha ukuzaji. La mwisho la kuangalia ni mstari wa katikati, ulio sawa kutoka A na B. Vyanzo vikipiga pamoja, huo daima ni mstari wenye nguvu. Ukionekana umetulia, kijiti kimoja kinapanda wakati kingine kinashuka, na hapo nodi na mistari angavu zimebadilishana nafasi mchoro mzima.