Usukani wa Kulia Hautoshi

Katika yadi za magari ya mitumba za Mombasa na Dar es Salaam, neno "la Japani" peke yake huuza gari. Mnunuzi huambiwa limeshuka moja kwa moja kutoka huko, hutazama usukani, huuona uko kulia, huridhika. Lakini usukani wa kulia husema jambo moja tu: gari limekusudiwa nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto wa barabara. Japani ni mojawapo, na Uingereza, Singapuri, Thailandi na Afrika Kusini nazo zimo. Isitoshe, fundi anaweza kuuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo kinachoonekana kwanza ndicho ushahidi dhaifu. Asili ya gari husomwa kwenye namba ya chesisi, kisha taa hutumika kuuhakiki usomaji huo.

Tuchukue Toyota RAV4 mbili za kizazi kilichoanza mwaka 2005, zinazofanana kwa sura na zote zina usukani wa kulia. Ya kwanza ina namba inayoanza na ACA31, kisha kistari, kisha tarakimu 7. Huo ni mtindo wa magari yaliyouzwa ndani ya Japani: msimbo wa modeli kwanza, namba ya mfululizo baadaye. Bamba lake limeandikwa kwa herufi za Kijapani, na modeli husomeka DBA-ACA31W. Herufi za DBA ni msimbo wa kiwango cha moshi cha Japani. Ya pili ina alama 17 zilizofuatana bila kistari, zinazoanza na JTM. Hapa ndipo wengi huteleza. Herufi J humaanisha kuwa mtengenezaji amesajiliwa Japani, haimaanishi kwamba gari liliwahi kutumika huko. Alama 17 ni mtindo wa magari ya kupelekwa nje, na kwa Toyota RAV4 ya namna hii J ni dalili kwamba gari liliondoka Japani likiwa jipya. Kinachobaki ni kujua lilikwenda wapi.

Jibu huanza kuonekana kwenye taa. Taa ndogo za mbele hazimuliki pande zote sawasawa: ukingo wa mwanga hupanda upande wa pembeni mwa barabara na kubaki chini upande wa gari linalokuja. Simamisha gari usiku mita 5 hivi kutoka ukutani, uwashe taa hizo. Kwa nchi za kuendesha kushoto, mwanga hupanda kushoto kwa dereva. Ukipanda kulia, taa hizo ni za nchi kama Ujerumani au Falme za Kiarabu, na kwenye barabara zetu zitampiga machoni anayekuja. Kioo cha taa nacho huwa na maandishi. Alama ya E ndani ya duara, pamoja na namba, hutaja nchi iliyoidhinisha taa: E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza. Kwa kuwa taa iliyoidhinishwa nchi moja huuzwa nchi nyingi, namba hiyo haitoshi kutaja nchi gari lilikotumika. Cha kuangalia zaidi ni mshale. Taa ya kuendesha kushoto pekee huwa na mshale unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama. Ya kuendesha kulia haina mshale. Nyuma, taa nyekundu ya ukungu ikiwa moja tu, huwekwa kulia kwa soko la Uingereza na kushoto kwa Ulaya bara.

Sasa RAV4 yetu ya pili inasomeka. Ikiwa na mshale, taa ya ukungu kulia, na kipima mwendo cha maili, imetoka Uingereza. Ikiwa haina mshale na taa ya ukungu iko kushoto, usukani wake wa kulia unatiliwa shaka: fungua boneti utafute matundu yaliyozibwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, upande wa kushoto.

Mtu atasema taa hubadilishwa baada ya ajali. Ni kweli, ndiyo maana taa peke yake haihukumu. Lakini ajali kwa kawaida huvunja upande mmoja. Taa moja ikitofautiana na mwenzake, hiyo ni habari ya matengenezo. Za mbele zote na ya nyuma zikikubaliana dhidi ya usukani, ni vigumu kuiita sadfa. Mwingine atasema kadi ya gari inatosha. Kadi hunakili namba, kwa hiyo nayo hupimwa kwa namba iliyogongwa kwenye chuma, ambayo kwenye Toyota nyingi iko kwenye ukuta wa injini au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Tarakimu zisizo kwenye mstari mmoja, au rangi mpya mahali hapo tu, ni sababu ya kusitisha ununuzi. Kuna mpaka mmoja wa kweli: alama hizi hutaja soko ambalo gari liliundiwa, hazitaji njia lililopita. Gari la ndani ya Japani lililokaa Dubai miezi sita hubaki na bamba la Kijapani, na safari hiyo hujulikana kwa hati za usafirishaji pekee.